Mikopo kadhaa, mshahara mmoja: ziada ianze wapi?

Lipa marejesho ya kawaida ya kila mkopo kwanza, kisha ziada yote ielekeze kwenye mkopo mmoja tu. Tuseme una salio la 30,000 kwa riba ya 2% kwa mwezi, na jingine la 80,000 kwa 8%. Ziada ya 10,000 ukiiweka kwenye ule mdogo inakuokolea riba ya 200 kila mwezi. Kwenye wa 8% inaokoa 800. Pengo la namna hiyo ni kubwa mno, anza na wa riba kubwa. Riba zikikaribiana, mathalani 2% na 2.5%, maliza salio dogo: rejesho lake linakuwa huru mapema, na mwezi mgumu ukija hubanwi sana.

Ila kabla ya kupanga, muulize mkopeshaji riba inakokotolewa kwenye salio linalopungua au kwenye mkopo wote wa awali. Ikiwa ni wa awali, na hakuna punguzo kwa anayelipa mapema, ziada yako haiokoi riba yoyote hapo. Huo uache umalizike kwa ratiba yake.