Wiki tatu Kakamega bila kugusa likizo

Kama kazi yako iko Nakuru na unataka kukaa na wazazi Kakamega wiki tatu, usikimbilie fomu ya likizo. Hizo ni siku 15 za kazi, na sheria ya ajira inakuhakikishia angalau 21 tu kwa mwaka. Mwandikie msimamizi baruapepe mapema ukiomba kufanya kazi ukiwa huko nyumbani: tarehe ya kwenda na kurudi, saa utakazokuwa kazini, na stima ikipotea utafanyia kazi wapi. Taja wazi kwamba ni siku za kazi, kisha usubiri jibu la maandishi. Mimi niliridhika na "sawa" ya mdomo, na Desemba nikakuta siku 15 zimekatwa. Siku ya kumpeleka mama kliniki, omba likizo ya siku hiyo moja.