Kupanga tarehe ya usuluhishi bila kuonekana unaegemea upande mmoja

Katika uratibu wa vikao vya usuluhishi wa hiari kati ya Arusha na Moshi nimeona kuwa lawama ya upendeleo haianzi kikaoni. Huanza wiki kadhaa kabla, wakati tarehe inapotafutwa. Niliwahi kumpigia simu wakili mmoja kwanza, kwa sababu tu namba yake nilikuwa nayo, nikamuuliza siku zinazomfaa. Nilipompigia wa pili, alikuwa ameshaambiwa na mwenzake kwamba tarehe imekubaliwa na msuluhishi. Kikao kilifanyika, lakini upande ule wa pili uliingia ukiwa na shaka, na shaka hiyo ilitusumbua hadi jioni. Tangu siku ile sitafuti tarehe kwa simu.

Nitaeleza utaratibu ninaoutumia kwa mfano wa shauri lililobadilishwa ili wahusika wasitambulike. Kampuni ya utalii ya Arusha inadai kurudishiwa malipo ya awali ya vyumba, na mmiliki wa hoteli ya Moshi anasema malipo hayo hayarudishwi. Kampuni ina wakili aliyepo Arusha, na hoteli ina wakili anayesafiri kutoka Dar es Salaam.

Hatua ya kwanza: weka kanuni kabla ya tarehe

Andika barua moja, yenye maneno yaleyale, uitume kwa pande zote mbili kwa pamoja. Majina yapange kwa alfabeti na useme umefanya hivyo, kwa kuwa mtu anayetajwa wa pili huweza kudhani amewekwa nyuma. Mwenye wakili mwandikie kupitia wakili wake. Asiye na wakili mwandikie mwenyewe, lakini usimwongezee ufafanuzi ambao mwenzake hakuupata.

Barua hiyo ieleze namna tarehe itakavyochaguliwa. Kanuni zangu ni tatu: tarehe ya mapema zaidi ambayo pande zote zimejibu "naweza" ndiyo itakayochukuliwa, ikikosekana, kutakuwa na duru ya pili, na duru ya pili ikishindikana, msuluhishi atapanga mwenyewe. Ongeza kanuni ya ahirisho: kila upande una ahirisho moja lisilohitaji sababu, mradi liombwe kwa maandishi siku tatu za kazi kabla ya kikao. Kanuni iliyokubaliwa kabla ya mtu kujua itamfaidi nani hailalamikiwi sana. Ukiitunga baada ya majibu kuingia, hata ikiwa ya haki, itaonekana imeshonwa kwa kipimo cha mmoja.

Barua hiyohiyo itaje suala la muda wa kisheria. Mazungumzo peke yake hayasimamishi ukomo wa muda wa kufungua kesi, ambao kwa madai ya mkataba ni miaka 6, kwa hiyo upande unaodaiwa unaweza kufaidika na kila wiki inayopotea. Ukimnong'oneza mdai jambo hilo umekuwa mshauri wake. Ukiliandika kwa wote, pamoja na kuwashauri kila mmoja awasiliane na wakili wake, umetoa taarifa tu. Kama shauri ni la kazi na limefikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kumbusha pia kwamba usuluhishi una siku 30, zinazoweza kuongezwa kwa makubaliano ya maandishi ya pande zote.

Hatua ya pili: pendekeza tarehe mwenyewe

Usiulize "ni lini mtapata nafasi?", kwa sababu anayejibu kwanza ndiye atakayekuwa amepanga. Toa tarehe sita ndani ya wiki tatu hivi. Katika mfano wetu nilitoa 30 Julai na 1, 5, 7, 13 na 15 Agosti, nikaiacha tarehe 8 kwa kuwa ni Nane Nane. Angalia kalenda kwa jicho la wote: Julai na Agosti ni msimu wa wageni kwa kampuni ya utalii na kwa hoteli vilevile, Ijumaa mchana kuna swala, Jumamosi ni Sabato kwa Waadventista, na Desemba Wachaga wengi hurudi Moshi, hivyo anayeishi huko atakuwa na shughuli za ukoo.

Mahali nako kuulizwe katika barua hii, si baadaye. Arusha na Moshi zinatenganishwa na takribani kilomita 80, na kikao kikiwa katika mji wa mmoja, mwenzake ndiye atakayeamka alfajiri. Nilipendekeza ukumbi wa Boma Ng'ombe, nikitaja wazi kwamba upo karibu zaidi na Moshi na kwamba kikao cha pili, kikihitajika, kitakuwa Usa River, upande wa Arusha.

Kila upande ujaze "naweza", "naweza kwa shida" au "siwezi" bila kutoa sababu, na ujibu kwako peke yako, kabla ya saa na siku ileile ya mwisho. Waulize pia ni nani atakayekuja akiwa na mamlaka ya kukubali suluhu. Wakili anaweza kuwa na nafasi tarehe 1 huku mkurugenzi yupo porini na wageni, na kikao cha mawakili peke yao huishia kwenye "ngoja nimuulize mteja".

Hatua ya tatu: linganisha, kisha tangaza matokeo tu

Kampuni ilijibu "naweza" kwa tarehe 5 na 13, na "naweza kwa shida" kwa tarehe 7. Hoteli ilijibu "naweza" kwa tarehe 1, 7 na 13. Kwa kanuni yetu ni tarehe 13, ingawa tarehe 7 ingekuwa mapema na wakili wa hoteli angeipenda. Usifungue majibu ya kwanza kabla ya muda kwisha. Ukiyafungua na kisha ukampigia wa pili kumkumbusha, sauti yako itamwonyesha jibu unalolitaka.

Tangazo liseme siku, tarehe, mahali na saa, basi. Lisiseme nani alikataa ipi. Saa iandike kwa namna mbili, "saa tatu asubuhi (09:00)", maana "saa 3" kwenye barua iliyochanganya lugha imewahi kumleta mtu alasiri.

Hatua ya nne: ahirisho na simu za pembeni

Tarehe 6 wakili wa hoteli alinipigia kusema kesi yake ya mahakamani imesogezwa hadi tarehe 13, akaanza kunieleza pia udhaifu wa madai ya kampuni. Hapa ndipo waratibu wengi huteleza kwa adabu. Nilimjibu: "Wakili msomi, nimekusikia kuhusu tarehe, naomba uniandikie, na nakala iende kwa mwenzako. Hayo mengine tuyaache kwa msuluhishi." Kisha niliandika kwenye daftari la mawasiliano saa ya simu, dakika ilizochukua na jambo lililotajwa, na siku hiyohiyo nikawaarifu wote wawili kwamba upande wa hoteli umetumia ahirisho lake. Jambo hilo haliwezi kufichwa kwa kuwa pande ni mbili tu, lakini sababu si lazima itajwe. Tarehe mpya hutafutwa kwa duru nyingine kamili, hata kama wakili ameshataja siku inayomfaa.

Ukoo au urafiki na mmoja wao, hata wa mbali, uandike kwa wote kabla ya duru ya kwanza. Na siku ya kikao, anayefika mapema mwelekeze chumba chake umwachie chai. Mwenzake akikukuta umekaa naye, hatajua kwamba mlikuwa mnazungumzia mvua.