Kamba wa nazi wasiokakamaa

Mkinunua kamba pale feri ya Mtwara, maganda na vichwa msitupe. Vikaange kwa mafuta kidogo mpaka viwe vyekundu na vinukie, tia maji vikombe viwili, chemsha dakika 20, chuja. Ladha nyingi ya kamba imo humo, hasa kichwani. Maji hayo ndiyo ya kupikia mchuzi, kisha tui zito.

Nyama yenyewe iingie mwisho kabisa, mchuzi ukiwa tayari na moto mdogo. Dakika mbili tatu zinatosha. Tazama sehemu nene ya mgongo: ule ung'avu wa kijivu ukigeuka mweupe, na kamba akijipinda kama herufi C, epua hapohapo, maana joto la sufuria linaendelea kumpika. Akijikunja duara, keshakuwa mpira.