Mpangaji anahama kaacha tundu ukutani? Mwombe atengeneze kabla hujakata dipoziti

Nasimamia nyumba za kupanga hapa Tabora, nyingi ziko Isevya, na ugomvi wa dipoziti mara nyingi ni wa bei, mwenye nyumba anasema fundi kachukua 80,000, mpangaji anasema hiyo kazi ya 30,000 umeniibia. Akitafuta fundi wake mwenyewe hayo hayapo. Ila kumwomba kuna utaratibu.

Hatua ya 1: kagueni wote wawili, wiki 2 kabla hajahama. Sio siku kirikuu kipo nje kinapakia, hapo hamna fundi atakayepatikana. Rangi iliyopauka na bawaba zilizolegea usimdai, nyumba ikikaliwa inachakaa. Mdai alichoharibu tu. Mfano mwalimu mmoja alifunga stendi ya tivii, ikang'oka na plasta yake, likabaki tundu la kiganja kizima. Hilo ni lake. Pigeni picha papo hapo, kila mtu abaki nayo.

Hatua ya 2: mwandikie, na useme unataka iweje. Ukisema "rekebisha ukuta" tu atapaka chokaa juu na atakuwa hajakosea. Mimi niliandika hivi:

"Shikamoo mwalimu. Lile tundu la sebuleni naomba lizibwe kwa saruji, lipigwe skimingi, halafu ukuta ule wote upakwe rangi ileile kona hadi kona. Fundi chagua wewe. Tukague Jumamosi kabla ya funguo, ikiwa sawa dipoziti yako 100,000 unaipata yote siku hiyohiyo."

Kona hadi kona kwa sababu kiraka cha rangi mpya katikati ya rangi ya zamani kinaonekana tu hata kopo likiwa lilelile.

Hatua ya 3: pita kazi ikiwa katikati. Hapa ndo mafundi wengi wanaharibu. Tundu linatolewa vumbi na plasta iliyolegea, linaloweshwa maji, ndo linajazwa mchanga na saruji, maana tofali kavu inanyonya maji ya saruji na kiraka hakishiki. Kisha kiachwe siku kadhaa kikauke vizuri. Fundi mwenye haraka anapiga skimingi kesho yake, unyevu bado umo ndani, baadae rangi inavimba na kubanduka na mpangaji ameshahama.

Umeme na maji taka usimpe kabisa, hizo tafuta fundi unayemwamini wewe, mkubaliane gharama kabla.

Hatua ya 4: kagua. Washa tochi ya simu uilaze kando ya ukuta, mabonde yote yataonekana. Gonga kwa kidole, ikilia wazi ndani kiraka hakijashika. Ikiwa sawa mpe hela yake hapohapo na msainiane.

Akikataa au muda ukimuishia usimlazimishe. Pata bei kwa mafundi wawili, mwonyeshe, kata bei ya chini, na inayobaki mrudishie na risiti ya kazi ikishaisha.