Somo: Barua ya mkuu wa shule ya kuahirisha mtihani baada ya umeme kukatika siku nyingi

Kila umeme unapokatika karibu na mitihani, ujumbe ni uleule: "Mwalimu, nirushie mfano wa barua." Nimeujibu mara nyingi mno, kwa hiyo leo naweka yote hapa. Somo linahusu sekondari za Tanzania na mtihani wa ndani wa Kidato cha Nne, yaani ule ambao shule yenyewe imeutunga na kuupangia ratiba.

Hatua ya 1. Hakikisha mtihani ni wa shule yako. Mtihani wa NECTA hausogezwi na mkuu wa shule, na mock ya mkoa au wilaya pia.

Hatua ya 2. Kaa na mwalimu wa taaluma kabla ya kuandika chochote.

Hatua ya 3. Tafuta tarehe mpya. Wengi huhesabu kuanzia siku umeme uliporudi, na hapo ndipo wanapokwama. Karatasi za nadharia hazihitaji umeme siku ya mtihani. Zinauhitaji kabla, kwenye mashine ya kudurufu. Kwa hiyo hesabu kuanzia siku karatasi zitakapokuwa zimechapwa, zimehesabiwa na kufungwa kwenye bahasha.

Tuchukue mfano wa mwaka 2025. Mtihani ulipangwa kuanza Jumatatu 28 Julai na kumalizika Ijumaa 1 Agosti. Umeme ukakatika Jumatatu 21 Julai, ukarudi Ijumaa tarehe 25. Kudurufu na kufunga kunachukua siku tatu, Jumatatu hadi Jumatano. Ukiacha Alhamisi na Ijumaa kama akiba, mashine ikigoma au umeme ukikatika tena, unaanza Jumatatu 4 Agosti. Sasa fungua kalenda: siku ya tano inaangukia Ijumaa 8 Agosti, Nane Nane. Usiisukumie Jumamosi, maana watahiniwa wa Kisabato hawatakuja, nawe utalazimika kutunga karatasi nyingine kwa ajili yao. Ipeleke Jumatatu 11 Agosti.

Hatua ya 4. Andika siku na saa. Hatua hii ilituharibikia shuleni kwetu, kwa hiyo isome taratibu. Barua ilisema mtihani utaanza "Jumatatu ijayo saa 8:00". Aliyeichapa alinakili kutoka kwenye ratiba ya Kiingereza. Wazazi wakasoma saa nane mchana, kama kila mtu anavyosoma saa kwa Kiswahili, na watoto wa kutwa wakafika karatasi ya kwanza imeshakusanywa. Wengine walipata barua Jumapili na wengine Jumatatu yenyewe, hivyo "Jumatatu ijayo" ikawa siku mbili tofauti. Karatasi ile ilibidi itungwe upya na ifanywe na darasa zima.

Tangu hapo sheria ni hizi. Usiandike "ijayo" wala "wiki kesho". Andika jina la siku, tarehe, mwezi na mwaka. Saa iandikwe ya Kiswahili na ifuatwe na neno asubuhi au mchana. Tarehe ya zamani itaje pia na useme imefutwa, la sivyo mwenye ratiba ya zamani ukutani ataendelea kuiamini. Kisha mpe barua mtu ambaye hakuwa kwenye kikao, akuambie mtoto wake afike lini na saa ngapi. Akisitasita, andika upya.

Hatua ya 5. Sema kisichobadilika: masomo, mpangilio wake, na kwamba hakuna mchango mpya. Usiposema kuhusu mchango, utapigiwa simu siku nzima.

Hatua ya 6. Sahihi, mhuri, nakala kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule na Afisa Elimu Kata.

Mfano wenyewe:

Kumb. Na. ........
25 Julai 2025

Kwa Wazazi, Walezi na Watahiniwa wa Kidato cha Nne

YAH: KUAHIRISHWA KWA MTIHANI WA NDANI WA KIDATO CHA NNE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Umeme ulikatika shuleni kuanzia Jumatatu 21 Julai hadi Ijumaa 25 Julai 2025. Kwa sababu hiyo karatasi za mtihani hazikuweza kudurufiwa.

Mtihani uliopangwa kuanza Jumatatu 28 Julai 2025 hautafanyika tarehe hiyo. Utaanza Jumatatu 4 Agosti 2025, saa 2:00 asubuhi. Watahiniwa wafike saa 1:30 asubuhi. Ijumaa 8 Agosti ni sikukuu ya Nane Nane, hivyo karatasi za siku ya mwisho zitafanyika Jumatatu 11 Agosti 2025, saa 2:00 asubuhi.

Masomo na mpangilio wake havijabadilika. Hakuna mchango wowote wa ziada. Kuanzia 28 Julai hadi 1 Agosti vipindi vitaendelea kama kawaida na kila mtahiniwa anatakiwa kuhudhuria.

Umeme ukikatika tena, karatasi za nadharia zitafanyika kama zilivyopangwa. Kompyuta kwa vitendo pekee ndiyo itakayosogezwa, nanyi mtaarifiwa kwa barua nyingine.

Mkuu wa Shule
(sahihi na mhuri)

MASWALI

Mwanachama wa Songea: Naomba barua ya kusogeza NECTA, kwetu umeme haupo.
Jibu: Soma hatua ya 1.

Mwanachama wa Songea: Nimesoma, ila hali yetu ni mbaya kweli.
Jibu: Naamini. Bado si mamlaka yako. Mweleze Afisa Elimu Sekondari wa halmashauri leo hii kwa simu, kisha kwa maandishi. Wazazi waambie tu kwamba ratiba inabaki ilivyo hadi mtakapopewa maelekezo.

Mzazi wa Kibaha: Shikamoo mwalimu. Mimi barua huwa naikuta mkobani baada ya wiki. Shule haiwezi kutuma ujumbe wa simu?
Jibu: Marahaba mzazi. Inaweza, na inapaswa, ila barua yenye mhuri ibaki kuwa ndiyo rasmi. Ujumbe mmoja una herufi 160 pamoja na nafasi, na huu unaingia: "Kidato cha 4: mtihani wa ndani hautaanza Jumatatu 28/7. Utaanza Jumatatu 4/8 saa 2:00 asubuhi. Hakuna mtihani Ijumaa 8/8. Mwisho Jumatatu 11/8. Mkuu wa Shule"

Mwanachama wa Geita: Mbona unarefusha? Si nipeleke flashi stesheneri ya mjini, wachape, mtihani uende tarehe ileile?
Jibu: Faili likishafunguliwa kwenye kompyuta ya duka hujui nani amebaki na nakala. Mtihani uliovuja haupimi kitu. Kama huna njia nyingine, mwalimu wa taaluma aende na kompyuta yake, aichomeke kwenye printa mwenyewe, asimame pale hadi karatasi ya mwisho, na zilizoharibika arudi nazo.

Mwalimu wa Baiolojia: Nakushukuru, mwalimu. Sisi vitendo tulishaandaa kwa tarehe ya zamani. Tuvitumie tu?
Jibu: Swali zuri, nalo linasahaulika. Myeyusho wa ute wa yai mwageni, hautakaa wiki nzima, hasa friji ikiwa ilizima. Wa wanga pia utengenezwe upya asubuhi ya mtihani, kisha mwalimu aujaribu kwa iodini kabla watahiniwa hawajaingia. Rangi ya bluu-nyeusi isipotokea vizuri, usiuweke mezani.

Mwalimu wa Baiolojia: Na iodini yenyewe?
Jibu: Ikiwa kwenye chupa ya kahawia iliyofungwa vizuri haina neno. Ikiwa imepauka, tengeneza nyingine.