Jinsi ya kudai rejesho la ushuru wa forodha kwa malighafi uliyosafirisha ndani ya bidhaa: mwongozo kwa viwanda vya Mombasa

Ukiagiza turubai kutoka nje, ukalipa ushuru wa forodha Kilindini, kisha ukaishona mifuko na kuipeleka Dubai, sheria inakuruhusu kudai urudishiwe ushuru uliolipia turubai hiyo. Haki hii imo katika kifungu cha 138 cha Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Madai mengi huharibika kabla hata kontena halijafungwa lakiri, kwa hiyo soma mpaka mwisho kabla hujaanza kukata kitambaa.

Kwanza hakikisha mzigo wako unahesabika

Katika sheria hii, kusafirisha nje ni kutoa bidhaa nje ya nchi zote wanachama wa Jumuiya. Mifuko iliyopita Malaba kwenda Kampala, au Lungalunga kwenda Tanga, imeuzwa ndani ya eneo moja la forodha, na dai lake halisimami hata mteja akiwa amelipa kwa dola.

Kinachorudishwa ni ushuru wa forodha peke yake. Ada ya tamko la uagizaji na ushuru wa maendeleo ya reli haviingii katika hesabu. VAT nayo ina njia yake, maana bidhaa za kuuza nje hutozwa asilimia sufuri na VAT uliyolipa kwenye malighafi hudaiwa kupitia ritani zako. Wengine hujumlisha kila kitu kilicho kwenye risiti ya malipo na kuandika jumla hiyo kwenye dai. Dai la namna hiyo hurudishwa, na miezi inakatika bure.

Tazama pia jina lililo kwenye entri ya kuingiza, yaani tamko la forodha la mzigo ulioagiza. Kama turubai uliinunua kwa mwagizaji wa jijini, entri ina PIN yake na risiti ya ushuru ni yake. Ankara aliyokupa haithibitishi kwamba ushuru ulilipwa nawe. Ndiyo maana kiwanda kinachotaka rejesho ni bora kiagize kwa jina lake, hata kama bei inapanda kidogo.

Kubaliana kipimo na forodha kabla ya kushona

Mwandikie Kamishna wa Forodha ukieleza unaagiza nini, unatengeneza nini, na kila bidhaa moja inakula malighafi kiasi gani. Hiki kipimo ndicho moyo wa dai. Sheria za Shirika la Biashara Duniani zinakubali upotevu wa kawaida wa kiwandani uhesabiwe, lakini rejesho likizidi ushuru uliolipwa, linageuka ruzuku kwa mwenye kuuza nje. Afisa anayekagua kipimo chako kwa makini anaulinda mstari huo.

Tuchukue kiwanda cha Changamwe. Kimeingiza mita 10,000 za turubai ya pamba yenye upana wa mita 1.5 na uzito wa gramu 400 kwa mita ya mraba. Thamani ya forodha ni KSh 3,000,000, na entri inaonyesha ushuru wa asilimia 25, yaani KSh 750,000. Kila mita imebeba ushuru wa KSh 75.

Mfuko mmoja mkubwa wa safari una mita 0.80 za turubai ndani yake. Mezani pa kukatia hupotea mita 0.05 za pembe na kingo. Kipimo cha kupendekeza basi ni mita 0.85 kwa mfuko. Peleka mchoro wa kukatia, mfuko wa sampuli na vile vipande vyenyewe vilivyobaki, ili afisa apime kwa mkono wake. Kama vipande hivyo unaviuza kwa watengeneza magodoro, sema mapema. Taka yenye mnunuzi haitazamwi sawa na taka ya kutupwa, na akija kugundua mwenyewe atatilia shaka hesabu nzima.

Ukibadilisha mchoro, badilisha kipimo. Fundi akipata njia ya kukata kwa mita 0.82 nawe ukaendelea kudai 0.85, umedai ushuru wa turubai ambayo haikuondoka nchini.

Weka daftari la stoo linalofuata entri

Kila roli liandikwe namba ya entri lililoingia nayo, tarehe lilipotoka stoo, na oda lilikokwenda. Mzigo wa pili wa turubai ileile unaweza kubeba KSh 82 kwa mita kwa sababu dola ilipanda au bei ilibadilika. Mkichanganya maroli hayo bila alama, hamtaweza kuonyesha mifuko iliyosafiri ilitoka kwenye ushuru upi. Zipu ulizonunua dukani Biashara Street, kwa kuwa hazina entri yako, ziache nje ya dai.

Siku ya kusafirisha: bidhaa ionekane kwanza

Hapa ndipo wengi hupoteza haki yao. Sheria inataka bidhaa ziingizwe kwenye entri ya kusafirisha kwa kusudi la rejesho, na zionyeshwe kwa afisa kabla ya kuondoka. Mwambie wakala wako wa forodha kwa maandishi kwamba mzigo huu una dai. Akiingiza entri ya kawaida kwenye iCMS, mfumo wa kompyuta wa forodha, na meli ikang'oa nanga, hakuna tena cha kukaguliwa.

Maelezo ya bidhaa yasiishie "mifuko". Andika idadi, aina ya turubai, upana na uzito wake, pamoja na namba ya entri iliyoingiza turubai hiyo. Katika mfano wetu mifuko ni 6,000, katika katoni 120 za mifuko 50. Turubai ya mfuko mmoja ina mita za mraba 1.2, sawa na gramu 480, kwa hiyo katoni ina kilo 24 za turubai kabla ya zipu, mikanda na boksi lenyewe. Afisa akiweka katoni kwenye mizani ikasoma kilo 20, anajua papo hapo kwamba kipimo chako kimezidishwa. Pima wewe kwanza.

Kuwasilisha dai

Hesabu yenyewe ni fupi: mifuko 6,000 mara mita 0.85 ni mita 5,100. Mara KSh 75, dai ni KSh 382,500. Mita 4,900 zilizobaki zionekane kwenye daftari, ama stoo, ama kwenye mifuko iliyouzwa nchini.

Ambatisha entri ya kuingiza na risiti ya ushuru, ankara za pande zote mbili, barua ya kipimo kilichokubaliwa, kurasa za daftari, entri ya kusafirisha yenye matokeo ya ukaguzi, hati ya shehena, na cheti cha forodha kwamba mzigo umeondoka. Utatia pia sahihi tamko kwamba bidhaa zimetoka kweli, hazijashushwa tena katika nchi yoyote mwanachama, na hazikusudiwi kushushwa. Mteja akikataa mzigo ukarudi Kilindini, wajulishe forodha kabla hujagusa dai.

Muda wa kudai ni miezi 12 kuanzia tarehe ya kusafirisha, si tarehe uliyolipa ushuru. Usisubiri ukusanye shehena za mwaka mzima ili upeleke bahasha moja, kwa sababu ile ya kwanza itakuwa imepitwa na wakati. Hata baada ya kulipwa, tunza karatasi zote kwa miaka 5, maana forodha wanaweza kuja kukagua vitabu vyako na kudai walichokulipa zaidi.