Kusevu, kupeleka mbio na kuriseti kwenye RetroArch bila vitufe kugongana na gemu

Hapa Busia nina chumba kidogo cha gemu, na somo hili limetokana na pambano lililoharibika mbele ya macho yangu. Watoto wawili walitaka kupigana kwenye gemu ya ngumi. Mkubwa alichukua padi, mdogo akabaki na kibodi. Vitufe vya mishale vya kibodi ile vimekufa siku nyingi, kwa hiyo nikampangia I, J, K na L za kutembea na H ya ngumi. Pambano likaanza. Alipotembea kulia, wapiganaji wote wawili wakaanza kukimbia kama wamechomwa. Alipochuchumaa, kioo kikaganda. Nikakigandua. Aliporusha ngumi ya kwanza, gemu ikarudi mwanzo kabisa, kwenye nembo ya kampuni.

Akaniangalia akasema, "Anko, kompyuta yako inaumwa." Kompyuta ilikuwa nzima. RetroArch, emuleta yaani programu ya kuchezea gemu za mashine za zamani kwenye kompyuta, inakuja na vitufe vyake yenyewe tayari vimepangwa: L ukiishikilia inapeleka gemu mbio, K inaisimamisha na kuisogeza fremu moja moja, H inariseti. Mimi nilikuwa nimempa mtoto herufi zilezile. Kitufe kimoja kilisikilizwa mara mbili, na gemu na pia na emuleta, na RetroArch haikuonyi unapogonganisha hivyo.

Wengi hukimbilia kuhamisha kitufe kimoja kimoja. Unatoa H, unaweka herufi nyingine, na kesho unagundua hiyo nayo ina kazi. Herufi nyingi za kibodi zimeshachukuliwa: F inajaza kioo, P inasimamisha, M na N zinabadilisha sura ya picha. Dawa ni kuweka mlinzi mlangoni. Unachagua kitufe kimoja, na amri za emuleta hazisikilizwi mpaka kitufe hicho kiwe kimeshikiliwa. RetroArch inakiita `Hotkey Enable`.

Hatua ya 1: chagua mlinzi. Fungua `Settings`, kisha `Input`, kisha `Hotkeys`. `Hotkey Enable` iko karibu na juu. Ibonyeze, kisha ubonyeze Ctrl ya kushoto.

Kwa nini Ctrl? Shift ya kulia ndiyo Select ya mchezaji wa kwanza kwa mpangilio wa kawaida, na Shift ukiigusa mara tano mfululizo Windows inaleta dirisha lake katikati ya mchezo. Alt ni mbaya zaidi. Kitufe cha kulodi kinachokuja na RetroArch ni F4, sasa fikiria mlinzi wako ni Alt: siku unapotaka kulodi utabonyeza Alt na F4, na Windows itafunga dirisha lote. Herufi ya kawaida pia haifai, maana kibodi nyingi za bei nafuu hushindwa kusoma herufi tatu au nne zilizobonyezwa pamoja, wakati Ctrl kwa kawaida ina njia yake.

Hatua ya 2: panga amri zenyewe. Kusevu kunakuja kwenye F2 na kulodi kwenye F4. Kwenye laptopu nyingi vitufe hivyo ndivyo vya mwanga na sauti, na lazima ushike Fn kwanza. Ukiongeza na Ctrl, mkono unajikunja. Mimi nimehamishia kwenye namba za juu: 1 ya kusevu, 4 ya kulodi. Usiziweke jirani. Mtu mwenye haraka akikusudia kulodi akagusa kusevu, amefuta alichokuwa anakitafuta.

Kuriseti nimeipa Backspace, kwa sababu moja tu: Ctrl ya kushoto na Backspace ziko pembe mbili za kibodi. Huwezi kuzibonyeza kwa bahati mbaya kwa mkono mmoja. Ukicheza peke yako nyumbani, unaweza kuondoa kabisa kitufe cha kuriseti na kutumia `Restart` iliyo kwenye `Quick Menu`. Mimi nakihitaji kwa sababu wateja wanapokezana.

Hatua ya 3: kupeleka mbio. Hapa ndipo watu wengi wanakosea, tusimame kidogo. Kuna amri mbili. `Fast-Forward (Hold)` inakwenda mbio ukiwa umeshikilia, ukiachia inarudi kawaida. `Fast-Forward (Toggle)` unabonyeza mara moja kuwasha, mara nyingine kuzima.

Bila mlinzi, ya kushikilia ni tamu. Ukishaweka mlinzi mambo yanabadilika, kwa sababu muda wote Ctrl iko chini RetroArch inazuia vitufe vya mchezo visifike kwenye gemu. Maana yake ukishikilia Ctrl na L ili kukimbiza maongezi marefu, gemu itakimbia, lakini ukibonyeza A kufungua ukurasa unaofuata haitasikia. Utadhani A imeharibika. Kwa hiyo tumia ya kuwasha na kuzima: Ctrl na Space, achia vyote, cheza kwa mbio, kisha Ctrl na Space tena.

Hatua ya 4: hifadhi. Rudi `Main Menu`, ingia `Configuration File`, chagua `Save Current Configuration`. Ukipenda kuandika mwenyewe kwenye faili la `retroarch.cfg`, mistari ni hii:

```
input_enable_hotkey = "ctrl"
input_save_state = "num1"
input_load_state = "num4"
input_toggle_fast_forward = "space"
input_hold_fast_forward = "nul"
input_reset = "backspace"
```

`nul` maana yake hakuna kitufe. `num1` ni 1 ya safu ya juu. Ile ya pembeni kulia inaitwa `keypad1`. Funga RetroArch kabla ya kuhariri, la sivyo itakapofungwa inaweza kuandika mpangilio wake wa zamani juu ya wako.

Hatua ya 5: jaribu kabla ya kumpa mtu. Fungua gemu yoyote usiyoijali. Bonyeza H, K, L na Space bila Ctrl. Zile ulizompa mchezaji zifanye kazi ya mchezaji, zilizobaki zinyamaze. Kisha Ctrl na 1: ujumbe mfupi wa kusevu utatokea kwenye kona ya kioo. Tembea kidogo, Ctrl na 4, uone kama umerudi ulipokuwa. Kuriseti kujaribiwe mwisho. Menyu ya F1 ikikataa kufunguka, ishikie na Ctrl.

Yule mdogo alirudi kesho yake na I, J, K, L zake zilezile na H yake. Alishinda raundi mbili.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Arua:* Kaka, mimi natumia padi ya USB, nimeweka Select kuwa mlinzi na R ya kusevu, kama nilivyoona kwa wengi. Kwenye Super Metroid inanisevu katikati ya vita bila kuniuliza. Jana ilinisevu nikiwa sekunde moja kabla ya kufa, sasa kila nikilodi nakufa.

Pole, ndugu. Super Metroid ni mfano halisi wa Select kutofaa. Kwenye gemu hiyo Select ndiyo inayobadilisha silaha, na R inaelekeza bunduki juu kwa mshazari. Vitani unafanya vyote viwili kwa pamoja: unachagua makombora huku umelenga juu. Kwa RetroArch hiyo ni amri ya kusevu.

Kuna jambo la pili. Mlinzi hazuii vitufe vya gemu papo hapo. `Hotkey Enable Delay` kwa kawaida ni fremu 5, na kwa fremu 60 kwa sekunde hiyo ni chini kidogo ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Lengo ni kwamba ukigusa Select, gemu nayo iipate. Kwa hiyo hata unaposevu kwa makusudi, silaha inabadilika.

Padi ya Super Nintendo, mashine ya Super Metroid, ilikuwa na mishale, A, B, X, Y, L, R, Start na Select, basi. Padi yako kama ina vijiti viwili, kubonyeza kijiti cha kushoto ndani, yaani L3, ni kitufe ambacho gemu za mashine hiyo hazikijui kabisa. Kiweke hicho kuwa mlinzi na uache Select kwa gemu.

Kuhusu ile sevu: kama hujafunga RetroArch tangu ilipoandikwa, tafuta `Undo Save State` kwenye `Quick Menu`, kwenye matoleo mapya iko ndani ya `Save States`. Inarudisha sevu iliyofutwa. Ukishafunga, imepotea, kwa sababu nakala hiyo inakaa kwenye memori tu. Kuanzia leo washa `Increment Save State Index Automatically` kwenye `Settings`, `Saving`, ili kila sevu iende kwenye nafasi mpya.

*Kutoka Jinja:* Shikamoo Mwalimu. Je, kuriseti kunafuta sevu zangu?

Marahaba, mwanangu. Hapana. Sevu ulizoweka kwa Ctrl na 1 ni mafaili yanayojitegemea. Kinachopotea ni kila ulichofanya tangu uliposevu mara ya mwisho, na kuriseti hakuna cha kukitengua. Ndiyo maana nikaiweka mbali.

*Kutoka Bombo:* Nacheza gemu za zamani za DOS humohumo ndani ya RetroArch, na gemu zenyewe zinatumia Ctrl kufyatua risasi. Sasa?

Hapo mlinzi wa Ctrl anagongana na gemu. Kompyuta za zamani zilitumia kibodi nzima, hivyo hakuna kitufe kilicho salama kweli. Tumia `Game Focus`, ambayo kitufe chake ni Scroll Lock. Ukikibonyeza, kibodi yote inakwenda kwenye gemu na amri za emuleta zinanyamaza. Ukitaka kusevu, bonyeza tena kutoka, sevu, kisha rudi. Kama laptopu yako haina Scroll Lock, iko kwenye orodha ileile ya `Hotkeys` kwa jina `Game Focus (Toggle)`, unaweza kuihamishia kitufe usichokihitaji. Kwa kuwa mlinzi unaye, jaribu kwanza kwenye gemu usiyoijali kama inahitaji kushikwa pamoja na Ctrl.

*Kutoka Arua tena:* L3 imekubali, kaka. Ila kijiti changu kimelegea, kinajibonyeza chenyewe nikisukuma kwa nguvu.

Kikijibonyeza, vitufe vya gemu vitakatika kidogo katikati ya mchezo, na ukigusa R wakati huo itasevu. Hamishia kwenye R3, kijiti cha kulia, ambacho kwenye Super Metroid hukigusi.